Shavu la Upande Mwingine

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechoka kabla hata sijavaa koti. Mimi ni daktari wa meno katika hospitali moja ya Ibanda, mjini Bukavu, na simu yangu hujaa vinywa vya watu nisiowajua. Wauguzi wa vituo vya afya vya mbali hunitumia picha, nami nasema nani aje Bukavu na nani angoje. Jino lililovunjika naliona. Kitundu nakiona, na usaha uliotoboa ufizi pia. Lakini kina cha kitundu sikioni, wala picha hainiambii kama sehemu ni ngumu ukiigusa.

Muuguzi wa kituo kimoja milimani Kalehe alituma picha ya mama mmoja. Shavu lilikuwa safi, limepakwa mafuta, na kitambaa kipya kichwani. Picha ya pili ilionyesha kitundu kidogo tu kwenye gego la chini. Nilikuwa karibu kuandika aje wiki ijayo. Kilichonizuia ni macho yake, maana alikuwa ametabasamu kwa mdomo tu. Nikampigia muuguzi simu.

"Iko anameza mate?"

"Hapana, docta. Iko anatema mu kitambaa. Na kinywa inafunguka kidogo tu."

"Na upande mwingine wa uso?"

"Ule iko umevimba. Nilimuambia tunapiga photo muzuri ya docta, basi akanawa, akageuza upande muzuri."

Hasira zilinipanda, halafu zikaisha zenyewe, kwa sababu nani hupigwa picha akiwa mbaya? Kwetu mtu akisikia picha anatafuta nguo.

Nikaomba kusikia sauti yake. Mama akasema jina lake, na likatoka zito, kama ana ugali mdomoni. Nikaingiwa na woga. Nikamwambia muuguzi aguse chini ya kidevu.

"Iko nguvu kama jiwe, docta. Pande zote mbili. Na ulimi umeinuka."

Uvimbe wa namna hiyo huziba koo. Nikasema achomwe sasa hivi sindano za antibiotiki walizo nazo, asilazwe chali, aletwe ameketi, leo leo, na wasimwache peke yake njiani. Kisha nikawaita daktari wa upasuaji na wa usingizi wakae tayari.

Alifika akipumua kwa kukoroma. Walimfungulia njia ya hewa, wakatoa usaha chini ya taya, nami nikang'oa lile gego. Siku yake ya kurudi nyumbani nilichukua simu nimtumie muuguzi picha ya kidonda. Mama akajifuta uso, akanigeuzia shavu lake safi.

"Geuka, maman," nikamwambia. "Hiyo upande yako muzuri nusura ikuue."

Akacheka huku ameshika kidonda. Halafu akageuka, akaondoa mkono.