Na ya Kutolea

Nimechoka kuitwa mwizi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, mtu asije akadhani nilianza kuandika mtandaoni kwa kutafuta sifa. Nina kibanda cha uwakala hapa Kitaji, Musoma, mwaka wa tisa huu, na haipiti siku bila mtu kuinama dirishani kuniuliza hela yake nimeipeleka wapi. Ana elfu hamsini kwenye simu, anataka atoe elfu hamsini, simu inamjibu salio halitoshi. Basi macho yote kwangu, utadhani nimeingia kwenye simu yake nikachota.

Ndiyo nikaanza kuandika posti kwenye ukurasa wangu, mchana wateja wakipungua. Sharti langu lilikuwa moja: kila posti jambo moja tu. Ukimweleza mtu mambo mawili ya makato kwa mpigo, atashika la tatu ambalo hukulisema.

Posti ya kwanza: kuweka ni bure. Ukimpa wakala elfu kumi, kwenye simu iingie elfu kumi, na akikudai hata mia mkatalie. Ya pili: ukitoa, makato hayatoki kwenye noti unazopewa, yanatoka kwenye salio. Ukitaka elfu hamsini mkononi, kwenye simu kuwe na elfu hamsini na makato yake juu. Watu wakapenda, wakasambaza. Mmoja akaandika, "Huyu si ni wakala, lazima ajitetee." Nikamjibu kwa posti ya tatu: makato mimi siyashiki. Yanakwenda kampuni, na kodi humo humo. Mimi kampuni inanipa kamisheni, na ungeiona hiyo kamisheni ungeninunulia soda kwa huruma. Mpaka leo hakuna aliyeninunulia.

Nilikuwa naiwaza ya nne mama aliponipigia. Mama na baba wanaishi Nyasura, Bunda, ni wakulima wa pamba maisha yao yote. Lakini mama alikuwa anapiga kutoka Butiama, kwa kaka yake.

"Mama, huko umefuata nini?"

"Baba yako kasema mimi mwizi."

Jamani. Mchana kutwa naitwa mwizi mimi, sasa na mama yangu! Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa machozi tangu jana. Hela ya pamba ilikuwa imeingia kwenye simu ya baba, laki tano kamili. Baba haoni vizuri herufi za kitochi chake, simu yake ndogo ya vitufe, kwa hiyo mama ndiye anayembonyezea, na namba ya siri anaijua. Sasa hela imepungua na haielezeki. Na mwezi huo huo mama kanunua kitenge kipya, kwa hela yake ya mayai.

"Kaniambia nikitaka kurudi, nirudi na hela yake," akasema. "Miaka yote hiyo, mwanangu. Sirudi."

Jumapili sikufungua kibanda. Nikapanda gari kwenda Bunda, nikamkuta baba amekaa mlangoni peke yake, shati halijapigwa pasi, jikoni hakuna moto. Hata salamu hakuijibu vizuri. Akanivuta ndani, akanionyesha nyuma ya mlango alikokuwa amechora mistari ya chaki.

"Kila nikitoa elfu kumi nachoraga mstari. Hesabu."

Nikahesabu. Mistari thelathini. Laki tatu.

"Haya, laki tano toa laki tatu?"

"Laki mbili, baba."

"Simu inasema laki na hamsini na kitu. Iliyobaki imeliwa na panya?"

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anatoa elfu kumi kumi, kila gulio. Akaniangalia kama ananionea huruma. Mkubwa akikatwa anakatwa kikubwa, akasema, mdogo anakatwa kidogo. Kwa hiyo yeye akaamua kutoa kidogo kidogo, ili wasimwone. Na hela nyingi ndani ya nyumba inaita wezi.

Nilikaa chini kwa uchovu. Nikachukua kitochi, nikafungua meseji. Zote zilikuwepo, mama hajui hata kufuta. Umetoa kiasi hiki, makato kiasi hiki, salio lako kiasi hiki. Nikaomba chaki. Pembeni ya kila mstari wake mrefu nikachora mfupi, nikimsomea meseji moja baada ya nyingine: mrefu elfu kumi aliyoishika, mfupi makato yaliyokwenda nayo. Tulipofika wa kumi nikamwambia, "Baba, haya makato kumi tu yanazidi mbali makato ya kutoa laki moja kwa mara moja. Ukitoa kikubwa makato ni makubwa, ndiyo, lakini hayapandi kwa kasi ya hela. Na kila ukitoa unakatwa upya. Hawasahau."

Tukaendelea mpaka wa thelathini. Nikajumlisha mistari mifupi yote, nikaongeza kilichobaki kwenye simu. Zikatimia laki mbili zake, hata mia haikupotea.

Baba akapitisha kidole kwenye mistari mifupi. Nilitegemea atasema kitu kuhusu mama. Akasema, "Wewe si ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo, baba."

"Miaka tisa. Mbona hukuwahi kuniambia?"

Aisee, hilo lilinichoma. Watu nisiowajua wamesoma posti tatu, na baba yangu mzazi anachora chaki nyuma ya mlango. Kila nikija Nyasura naleta sukari na sabuni, tunaongea mvua na bei ya pamba, naondoka. Nikamwomba msamaha, na nilimaanisha.

Nilipokuwa naaga akanishika mkono. Nauli ya kutoka Butiama mpaka hapa ni shilingi ngapi? Nikamtajia. Akaniambia nimtumie mama kutoka kwenye simu yake. Nikaanza kubonyeza, akanizuia.

"Na ya kutolea?"

Naomba mnielewe. Baba yangu hajawahi kumtumia mtu yeyote na ya kutolea. Tulipokuwa shule akitutumia ya daftari ilikuwa ya daftari kamili, ukitoa inapungua, unamaliza mwezi bila daftari moja. Nikamwambia kiasi chake. Akarudia kwa sauti, kama anayehesabu ng'ombe wa mtu, kisha akasema ongeza.

Posti ya nne niliiandika kwenye gari nikirudi. Ukimtumia mtu, wewe unakatwa ya kutuma, na yeye akienda kuchukua anakatwa ya kutoa. Ukitaka ashike hela kamili, mwongezee. Basi. Mtu akauliza kwa nini posti hii fupi hivi. Nikazima simu.

Mama alirudi Jumatano, amevaa kile kitenge. Sikuwepo. Baada ya wiki mbili nilipokwenda, jikoni moto unawaka na ule mlango umefutwa chaki yote. Mama akanipa simu yake nimwangalizie salio. Nauli ya baba ilikuwa humo bado, na ya kutolea juu yake.

"Mama, hujaitoa? Ulirudi na nini?"

"Hela ya mayai."

"Sasa hii unaiwekea nini?"

Akaichukua simu yake mkononi mwangu, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Nikiitoa itakatwa," akasema. "Hii sitaki ikatwe."