Aliyeanza na Sehemu ya Mwisho

Upo mlio ambao hadi leo naweza kuuigiza kwa mdomo: tu-dum, wa kwanza mzito, wa pili mwepesi, ndivyo kompyuta ya dada mmoja wa hapa Mapinga ilivyokuwa ikiitika flashi inapochomekwa. Kwa miaka kama minne nimeusikia mlio huo nikiwa nimeegemea meza yake ya mbao, nikisubiri anijazie tamthilia za wiki. Jumatatu moja, wiki tatu zilizopita, nilikuta mlango wake wa chuma umefungwa. Nilijua kwamba Alhamisi iliyotangulia alianguka mle ndani akalazwa, presha, ila nilitegemea nitaambiwa ameruhusiwa. Muuza chipsi wa jirani akaniambia, huku akigeuza viazi, kwamba dada alifariki Jumamosi na Jumapili alasiri akazikwa kwao Vigwaza. Nikamuuliza tena, naye akarudia maneno yale yale, hakuongeza wala hakupunguza. Nikanunua chipsi ambazo sikuwa na hamu nazo, nikarudi nyumbani.

Sitadai alikuwa rafiki yangu. Sikuwahi kulala kwake wala yeye kwangu, na sijui kwa nini ndoa yake ilivunjika. Alikuwa mtu wa kazi yangu ndogo, kama mlivyo ninyi mnaosoma safu hii na fundi cherehani wenu. Lakini kazi yenyewe aliifanya kwa namna ambayo sijaiona kwa mwingine, na ndiyo sababu ya kuitumia nafasi hii leo. Wenzake wengi wanaojazia watu tamthilia hukuuliza unataka ya Kikorea, ya Kituruki au ya Kifilipino, ya mapenzi au ya ngumi, basi, wanakumiminia. Yeye alikuwa na swali moja la ziada la kujiuliza mwenyewe, na asipopata jibu lake hakukupa kitu: hii hadithi inakwisha? Mteja akisema anataka tu ya kupotezea muda, alimjibu kwamba muda anaoupoteza ni wake, ila lawama zitaletwa mezani pale.

Namna yake ya kuhakikisha ilikuwa hivi. Alitazama sehemu ya kwanza yote, akajiuliza hadithi imeuliza nini: nani kaua, mtoto yuko wapi, hawa wawili watapatana au la. Kisha aliruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho, akatazama dakika kumi na tano za kumalizia, akitafuta jibu la swali lile lile. Jibu likiwepo, zuri au baya, hadithi imefungwa. Lakini kama dakika ya mwisho inaletwa sura ngeni, au simu inaita na steringi, yule mhusika mkuu, anashtuka, au gari linasimama nje na hatuoni nani anashuka, aliitoa pembeni. Hata majina ya waigizaji yalipoanza kupanda hakuzima. Alingoja yaishe, maana wengine huficha kipande kidogo baada ya majina, na kipande hicho kinaifungua upya hadithi uliyodhani umeimaliza.

Hapo ni nusu ya kazi. Aliingia mtandaoni kuangalia kama watengenezaji wenyewe walishatangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, au kama kuna sizoni nyingine inakuja, au kama ilikatishwa kwa kukosa watazamaji, jambo linalozipata nyingi, zikabaki zinaning'inia milele. Alinifundisha kwamba zile za Kikorea za sehemu kumi na sita mara nyingi huandikwa kama hadithi moja tangu mwanzo, ila si zote, kwa hiyo usiapie. Alinifundisha pia kwamba zipo za sizoni tano ambazo kila sizoni ina watu wake na kisa chake kinachofungwa, hizo unaweza kuchukua moja ukaishia hapo bila kuumia. Halafu kuna balaa la kwetu wenyewe: hadithi inaweza kuwa imekwisha huko ilikotoka, lakini dijei anayeitafsiri kwa Kiswahili akachoka katikati. Tena madijei huunganisha sehemu mbili kuwa moja, au huikata moja ikawa mbili, kwa hiyo hesabu ya mafaili haikwambii lolote. Alikuwa anafungua faili la mwisho la tafsiri na la mwisho la lugha yake, anayaweka sambamba, aone kama yote mawili yanamalizia na picha ile ile.

Mimi nilidhani ni ujuaji tu. Mwaka jana shangazi yangu, dada yake baba, aliletwa kwetu kutoka Mkange kwa ajili ya mionzi katika hospitali ya mjini. Mionzi ishirini na mitano, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Ni mtu wa shamba, hajazoea kukaa kitako, na kila akirudi kutoka hospitali alikuwa anauliza ufuta wake nani anauangalia. Kumtuliza, nikamtafutia tamthilia. Siku hiyo dada wa flashi alikuwa amefunga, nikanakili moja kwa jirani. Nikahesabu: faili la kwanza hadi la kumi na mbili, hakuna lililoruka. Nikaona imetimia. Ilikuwa ya mama anayemtafuta mtoto wake aliyeibwa wodini. Shangazi akaipenda kuliko chakula. Sehemu moja kila siku, hata Jumamosi na Jumapili, na ratiba ya hospitali ikaanza kumwendea kirahisi kwa sababu jioni kuna kitu kinamngoja.

Ijumaa ya wiki ya pili, mionzi kumi imeshapita, tukatazama ya kumi na mbili. Yule mama akaambiwa mtoto yupo nyuma ya mlango fulani. Akafika, akashika kitasa, akafungua, uso ukambadilika, na kioo kikawa cheusi. Shangazi akaniambia niendelee. Nikamwambia hakuna nyingine. Akaenda kuswali. Kesho yake asubuhi nikamkuta anakunja kanga zake kwenye begi.

"Shangazi, vipi tena?"

"Narudi Mkange. Yule mama kafungua mlango, mie kaniacha uani. Haya ya hospitali nayo ni yale yale, kila siku njoo kesho. Nimechoka na mambo yasiyo na mwisho, mwanangu."

Baba alimsihi, akashindwa. Daktari alishatuonya kwamba mionzi ikikatishwa katikati faida yake inapotea, na sisi wote tulilijua hilo, hata yeye.  Nikakimbilia kwa dada wa flashi, nikamweleza yote. Nilitegemea atanicheka. Akaniuliza tu mionzi imebaki mingapi. Nikasema kumi na mitano. Akasema shangazi yako anahitaji sehemu kumi na sita, moja kwa kila siku ya mionzi, na ya mwisho aitazame siku ya kuondoka. Akakaa kwenye kompyuta tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri, akifungua na kufunga, na wateja akawa anawaambia warudi Jumatatu. Moja aliitupa kwa sababu ya simu iliyoita mwishoni, nyingine kwa sababu dijei aliishia ya kumi na moja. Ya tatu ilikuwa ya dada wawili wanaotafuta baba yao alikopotelea. Akaikagua kwa namna yake yote, akaipenda, akafunga duka, akaja nayo mwenyewe nyumbani.

Alimwamkia shangazi, akakaa mkekani karibu na lile begi kana kwamba halioni. Wakaongea kwanza habari za ufuta na nguruwe pori wa Mkange. Ndipo akamwambia amemletea hadithi. Shangazi akasema hataki tena kuchezewa na watu wa kwenye kioo.

"Hii inakwisha, shangazi. Nimeuona mwisho wake kwa macho yangu."

"Baba yao wanampata?"

"Sikwambii kama wanampata au hawampati. Ila utajua. Hutaachwa mlangoni."

 Shangazi akaniambia, bila kunigeukia, nitoe kanga kwenye begi, zinajikunja. Wiki tatu akaenda hospitali na kurudi, mionzi kumi na mitano, bila kukosa hata mmoja. Jumamosi ya kuondoka tukatazama ya kumi na sita. Wale dada walikuta kaburi. Mimi nililia, nilitaka wamkute mzee hai, ndivyo nilivyo, kila hadithi naipangia harusi. Shangazi hakulia. Akasema, "Basi. Wamejua. Sasa wanaweza kulala," akachukua begi lake.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu nitoke Vigwaza kuhani. Zamani nilidhani watu wanapotafuta hadithi yenye mwisho wanatafuta furaha. Dada yule aliuza miisho ya kila aina, ya harusi na ya kaburi, na sikusikia mteja akirudi kulalamikia kaburi. Waliorudi kwa hasira ni walioachwa njiani. Wanaotengeneza tamthilia wanalijua hilo, ndiyo maana wanatukatia pale pale moyo unapopanda, ili turudi. Kwenye biashara sawa. Lakini sisi tusiouza kitu nasi tunafanyiana hivyo hivyo, na tunaita huruma.

Kwa maana Alhamisi ile dada alipoanguka nilimpigia shangazi, nikamwambia amelazwa. Ijumaa akapiga kuuliza. Jumatatu nilipopata habari, baba akasema shangazi asiambiwe kwanza, ana kliniki ya kupimwa huko huko kwao, atapandwa na presha naye. Akipiga tunamwambia dada anaendelea, tuzidi kumwombea. Amepiga mara nne. Mara ya mwisho aliuliza wodi gani, anataka kumtumia asali na mtu anayekuja huku. Mama akamwambia mtandao unakatakata, akakata yeye.

Kliniki imepita juzi na majibu yake yanangojwa, kama kawaida yao. Kitakachoandikwa humo hakuna kati yetu anayeweza kukitazama mapema. Sijui lini tutaambiwa, wala kama tutaambiwa kitu kinachoeleweka. Lakini hili la dada nalijua lilivyoanza na lilivyokwisha, na kumficha mtu kitu ambacho kimeshafika mwisho ni kumweka mlangoni makusudi. Nimeamua kwamba mtu mzima anastahili kujua, na kwamba anayejua ndiye wa kusema, hata kama ni mdogo kuliko wote nyumbani.

Jana baada ya asri, baba na mama wakiwa wameenda shughulini, nilikaa peke yangu kwenye ngazi za nyuma, nikapiga Mkange. Nikamwamkia shangazi, nikamwambia akae chini kwanza. Kisha nikamsimulia kuanzia alivyoanguka, siku alizolazwa, saa aliyofariki, nani walimwosha, hadi kaburi lilipo. Sikuruka sehemu. Nilipomaliza sikukata simu, nikangoja upande wa pili mpaka alipokata mwenyewe.