Ratili Mia Mbili za Nyama

Dorkasi alizaliwa Ukinga, kwenye mabonde ya Makete, akaolewa na mpishi wa hoteli ya mzungu pale njia panda ya Makambako. Miaka tisa aliosha vyombo jikoni kwa mumewe huku macho yake yakiwa kwenye masufuria. Mume alipofariki kwa homa ya mapafu, hoteli ilimwajiri mpishi mwingine mwanamume, naye Dorkasi akapewa mshahara wa mwezi mmoja na kuambiwa aende salama. Hakwenda. Alipanga chumba nyuma ya maduka, akakopa sufuria mbili kubwa, akaanza kupika kwenye harusi za watu.

Mwanzoni watu walimshangaa. Harusi ilikuwa kazi ya shangazi na majirani, sasa huyu mjane anataka alipwe kwa kila kichwa cha mgeni? Lakini makarani na waalimu walianza kupenda mambo hayo. Walimwita, na yeye aliyesoma madarasa manne ya misheni akajifunza kuwaandikia barua ya bei: chakula gani, kiasi gani, na kila mgeni shilingi ngapi.

Barua hizo ndizo zilizomfundisha kutomwamini mtu. Mwaka 1954 familia moja ya Wanging'ombe ilimwandikia kumwomba bei ya wageni mia. Akawapa kila kitu: mchele ratili ngapi, sukari ngapi, samli ngapi. Hawakujibu. Baada ya miezi miwili abiria mmoja wa lori alimsimulia harusi ya Wanging'ombe ilivyofana. Shangazi wa bwana harusi alisimama jikoni na karatasi mkononi, akiita vipimo kimoja kimoja, na wala chakula hakikupungua wala hakikubaki. Dorkasi aliingia ndani akakaa juu ya gunia la viazi mpaka moto ukazimika.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, ilipomfikia barua kutoka Njombe, aliishika kama mtu anayeshika sufuria bila kitambaa. Aliyeandika alikuwa Elieza, karani wa boma, pamoja na mchumba wake Ema, mwuguzi wa hospitali ya misheni. Walitaka kujua bei ya wageni mia na hamsini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwandiko mwingine, mdogo na ulionyooka: "Tafadhali utuandikie na kiasi cha kila kitu."

"Na kiasi cha kila kitu," Dorkasi alimsomea Beatrisi, mwenzake wa kupika. "Wananiona mimi mjinga mara mbili."

Beatrisi alimshauri aandike majina ya vyakula tu na bei. Dorkasi alikataa. Kazi ilikuwa kubwa, na barua isiyo na vipimo ingetupwa. Alifikiri mchana kutwa, kisha akapata njia ambayo wakati ule aliiona ya busara. Bei angeiweka ya kweli. Vipimo vya nyama na mchele angevivimbisha, ili yeyote atakayeiba karatasi yake akanunue mpaka afilisike. Akaandika:

"Kwa Bwana Elieza na Bibi Ema, Njombe. Salamu nyingi. Kwa wageni 150 nitapika hivi. Pilau, mchele wa Usangu ratili 150. Mchuzi wa nyama ya ng'ombe, ratili 200. Viazi magunia mawili. Kabichi 25. Maandazi, unga wa ngano ratili 50. Chai ya maziwa, sukari ratili 20, maziwa madebe mawili. Kuni, sahani, masufuria, wasaidizi na gari ni juu yangu. Maji na mahali pa kupikia ni juu yenu. Bei ni Sh. 2/- kila mgeni. Wageni wakizidi mtalipa bei hiyohiyo kwa kila aliyezidi. Nusu ya fedha itangulie wiki mbili kabla. Ni mimi, Dorkasi, Makambako."

Mchele wa kweli ulikuwa ratili hamsini, na nyama sabini na tano. Alimpa utingo wa lori la Njombe barua ile, akangoja kimya kama kile cha watu wa Wanging'ombe.

Kimya hakikuja. Jumamosi iliyofuata lori lilisimama njia panda wakashuka watu watatu: kijana mwenye koti la kikarani, msichana mwembamba aliyejifunga kitenge juu ya gauni, na mzee mrefu mwenye fimbo. Walisalimia kwa Kibena, "Kamwene," Dorkasi akaitikia, akawatolea vigoda. Kijana alijitaja kuwa ni Elieza. Msichana alikuwa Ema. Mzee alikuwa Gideoni, baba yake Ema, mzee wa kanisa.

Gideoni hakugusa chai aliyowekewa. Macho yake yalikuwa yakizunguka jikoni, juu ya magunia, nyuma ya mlango. Dorkasi aliyafuata macho hayo asijue yanatafuta nini.

Ema ndiye aliyeitoa barua. Alieleza kwa adabu kwamba wamefurahi, lakini alipopiga hesabu kwa bei za sokoni, nyama na mchele peke yake vilikula zaidi ya shilingi mia mbili na ishirini katika zile mia tatu. Kilichobaki hakikutosha unga, sukari, samli, kuni, lori na wasaidizi. Alitaka kuelewa.

Dorkasi hakuwa amefikiri kwamba mtu angepiga hesabu kwa nia ya kukubali.

Hapo Gideoni akasema, akipima kila neno. "Mama, tuliposhuka pale hotelini tulisikia watu wakinong'ona. Nyama ya mzungu inapotea jikoni. Paja zima lilipotea wiki iliyopita. Na wewe ulifanya kazi hapo, na wenzako bado wako hapo. Sasa nakuuliza mbele ya watoto hawa. Nyama yako unaitoa wapi?"

Nje lori jingine lilikuwa likipakia magome ya miti ya miwati, na wapagazi walikuwa wakiitana. Dorkasi alisikia sauti hizo kwa mbali kama mtu aliye ndani ya maji. Aliona kwamba njia zilikuwa mbili tu. Akinyamaza, atakuwa mwizi kuanzia Makambako mpaka Njombe kabla jua halijazama. Akisema, atakuwa mwongo.

"Hakuna nyama ratili mia mbili," alisema. "Niliandika uongo. Ni sabini na tano, na mchele ni hamsini. Niliogopa mtachukua karatasi yangu mkapike wenyewe."

Akawasimulia habari ya Wanging'ombe, bila kutaja jina la familia. Elieza alitazama viatu vyake. Ema alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho Dorkasi hakukitegemea. Alisema yule aliyeomba vipimo alikuwa ni yeye, kwa sababu dada yake alipoolewa, mpishi wa kulipwa alipika chakula cha nusu ya wageni, na aibu ile bado wanaisimulia.

"Kwa hiyo ulitutega," Gideoni alisema.

"Niliwatega watu wa Wanging'ombe, baba. Mkaingia ninyi."

Mzee hakucheka. Alitaka sasa bei ishuke, maana chakula kimeshuka. Dorkasi alieleza kwamba zile shilingi mbili zilikuwa zimehesabiwa kwa vipimo vya kweli tangu mwanzo, na aliposema hivyo alijisikia mwenyewe jinsi maneno hayo yanavyosikika yakitoka katika kinywa kilichokwisha kukiri uongo. Nani angeyaamini? Yeye mwenyewe asingeyaamini.

Ema aliomba wapikiwe. Kama ratili moja ya mchele kweli inatosha watu watatu, ipikwe waione. Dorkasi aliipima mbele yao kwenye mizani ya kukodi ya dukani, akaipika kwa vitunguu na mifupa michache. Walikula watatu. Elieza alishiba akabakiza. Gideoni alimaliza chake chote, akapangusa vidole, akasema bado ni kidogo.

Hatimaye walipatana, lakini walipatana kama majirani wenye mpaka wa ugomvi. Ng'ombe angetoka zizini kwa Gideoni, na dada yake Gideoni angesimama karibu na nyama tangu kuchinjwa mpaka kupakuliwa. Bei ikashuka hadi shilingi moja na senti sitini na tano kwa mgeni. Fedha ya kutanguliza ingekaa kwa mchungaji. Dorkasi angepewa ya unga na mchele tu. Aliandika barua mpya hapohapo, Ema akaisoma mara mbili, wote wawili wakaweka sahihi. Faida ya nyama ilikuwa imekwenda. Alikubali, maana kukataa kungekuwa kama kukiri lile paja.

Siku ya harusi Njombe kulikuwa na ukungu mpaka saa nne. Dada yake Gideoni, mama mnene aitwaye Noela, aliweka kigoda chake hatua chache kutoka kwenye masufuria na hakuondoka hata wimbo wa kanisani uliposikika. Kila Beatrisi alipoinua mfuniko, Noela aliinua shingo. Dorkasi alipika mgongo ukimwuma kwa macho yale. Naye alikuwa na macho yake: alimweka Beatrisi ahesabu sahani zinazotoka, kwa kuwa alijua watu wa harusi hawana idadi, na hakuamini kwamba Gideoni angekumbuka waliozidi.

Waliozidi walikuwa thelathini na wawili. Mchele ulikaribia kwisha. Dorkasi akasukuma mbele viazi na kabichi, akapunguza kijiko kidogo kwa vijana, akawapa wazee kamili. Hata mgeni wa mwisho alikula. Noela mwenyewe alikula sahani mbili, moja akiwa kigodani.

Jioni Gideoni alisema wageni walikuwa mia na hamsini, kama walivyoandikwa. Dorkasi alisema mia na themanini na wawili. Ema akaja, angali amevaa gauni lake jeupe lenye tope chini, akasema naye amehesabu akiwa mezani, kwa kuwa alijua jambo hili litakuja. Alipata mia na themanini. Akalipa kwa hesabu yake, si ya baba yake wala ya Dorkasi.

Dorkasi alizihesabu noti na sarafu mbele yake, akazihesabu tena. Ema alingoja bila kununa.

Habari ya paja la nyama ilikuja kujulikana baadaye. Aliyelichukua hakuwa mwenzake yeyote wa zamani. Ilikuwa ni mbwa na dirisha bovu. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi. Hata hivyo makarani wa boma waliendelea kumwita, na mdogo wake Ema alipoolewa alipikiwa na Dorkasi, Noela akiwa tena kwenye kigoda.

Tangu hapo Dorkasi aliandika vipimo vya kweli katika barua zake zote. Wengine waliviiba, naye alisikia. Harusi moja ya Kidugala ilipikwa kwa karatasi yake tangu pilau mpaka chai, na wageni walisifu, na yeye hakupata hata senti. Siku aliyoambiwa alikuwa akimenya viazi vya kazi nyingine. Alimwuliza Beatrisi kama kuni zimefika, akaendelea kumenya.