Simu Iliyochomekwa Waya

Mimi niliacha shule darasa la sita nikawa utingo. Leo malori yanayolala kwenye yadi yangu Port Reitz ni yangu, si ya benki wala ya shemeji. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeitwa mvivu.

Aliyeniita hivyo ni wakala wa mizigo wa Changamwe. Miaka yote alikuwa akinipigia: leta lori, nami naleta. Kisha akatengenezewa programu ya simu. Kazi ikipatikana, arifa inaingia kwenye simu za madereva wote, na wa kwanza kukubali ndiye anayebeba. Ghafla madereva wangu wakawa hawabebi kitu. Kazi zote zinakwenda kwa wengine.

"Watu wako wamelala, bwana," akaniambia. "Wiki ikiisha hivi, nakutoa kwenye orodha."

Nilimjibu maneno ambayo marehemu mama asingeyapenda. Nikamwambia amlete fundi wake yadini, aijaribu programu mbele ya macho yangu.

Akaja naye, mwanamke wa miaka thelathini hivi, hana maneno mengi. Akachomeka simu yake kwenye kompyuta kwa waya, akatuma arifa. Ikalia papo hapo. Wakala akanitazama kama aliyeshinda kesi.

"Simu hiyo inanyonya chaji," nikasema. "Dereva wangu hana kompyuta ya kunyonyesha simu. Chomoa, dada."

Fundi akachomoa. "Ni kweli," akasema. "Ikiwa kwenye chaji, simu haibani betri. Nipeni zenu."

Nikawaita madereva wawili. Simu zao zikawekwa juu ya pipa, skrini zimezimwa, marufuku kuzigusa. Tukangoja. Akatuma. Kimya.

"Labda nazo zimelala," akasema wakala. Nilimwangalia mpaka akageukia upande wa geti.

Fundi akaichukua ya kwanza, ya dereva wangu anayekaa Jomvu Kuu, akafungua mipangilio. Ruhusa ya arifa ilikuwa imekataliwa.

"Kwa nini ulikataa, kaka?"

"Siku ya kwanza tu, sijaona hata ndani kuna nini, inaniuliza niiruhusu. Wallahi, mtu anabisha hodi hajasema jina, wewe utamfungulia?"

Fundi akacheka, akasema atafanya programu ijieleze kwanza ndipo iombe. Akaiwasha ruhusa.

Ya pili ilikuwa na ruhusa, lakini dereva alipoiokota na kuwasha skrini, ndipo arifa ikaingia, imechelewa kabisa. Kazi ya kweli ingekuwa imeshabebwa na mwingine, imefika Mariakani.

"Nani kawaambia wabane betri kiasi hiki?" akauliza wakala.

"Mimi. Lori limezimwa kutwa, simu wachaji wapi? Niliwaambia, na nitawaambia tena."

Fundi akasema si lazima kuacha kubana betri, ila programu hii iondolewe kwenye kibano. Tena akakiri kwamba zile arifa zilikuwa zikitumwa kama ujumbe wa kawaida, ambao simu iliyotulia ina hiari ya kuuchelewesha. Atazituma kama za dharura.

"Basi kosa ni lenu," nikasema.

"Ni la pande zote mbili," akajibu. Angesema wakala, tungeshikana mashati.

Akaiondoa humo kwenye simu zote mbili, akatuma tena, na safari hii zote mbili zikalia. Yule wa Jomvu Kuu akabonyeza arifa, ikamfungulia ukurasa wa mbele, picha ya lori jipya linalong'aa. Kazi haionekani. Akaitafuta huku na huku.

"Nimeitwa harusini nikaachwa mlangoni," akasema.

"Programu ikiwa wazi, inakupeleka kwenye kazi yenyewe," akasema fundi. "Ikiwa imefungwa kabisa, inaanzia mwanzo. Sikuwahi kuijaribu ikiwa imefungwa."

Hapo nilimgeukia wakala. Nikamwambia amewahukumu watu wangu kwa kitu kilichojaribiwa kwenye meza, na simu moja, yenye waya. Nikamtaka aseme kwamba siondolewi. Akasema, "Tuone wiki ikiisha," akaingia garini.

Kabla wiki haijaisha fundi akarudi peke yake na programu mpya. Simu juu ya pipa, bila waya, programu imefungwa kabisa. Tukaziacha zitulie mpaka watu wakamaliza chakula. Zikalia zote. Yule wa Jomvu Kuu akawahi kubonyeza yake, ikamfungulia kazi yenyewe: namba ya kontena, geti, na kitufe cha kukubali.

"Hiyo siyo yangu," akasema fundi. "Mimi sijatuma bado."

Dereva alikuwa ameshakubali, anakimbilia lori.

Wakala akapiga kuuliza dereva yuko wapi. Kuhusu orodha alisema nimebaki, haraka haraka, kama anayetaja bei ya nyanya. Radhi hakuniomba, na mpaka leo hajaniomba. Nikamwambia dereva ameshatoka getini, nikakata simu kabla hajaikata yeye.