Shuka Jozi Kumi na Mbili

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili. La, nimekosea. Ni ishirini na tatu, maana Haifa alikuwa keshafariki, na lau angekuwa hai habari hii isingekuwapo.

Haifa alikuwa mkewe Amin, mwenye nyumba ya wageni pale Kibokoni, vyumba sita. Shuka za nyumba alizinunua yeye, na hakununua bunda zima siku moja. Alichukua shuka moja, akaikata vipande viwili. Kimoja alikifungia kabatini, cha pili alikifua mara tano na kukianika darini, kisha akaviweka pamoja mapajani akavilinganisha. Wenye maduka wa Biashara Street walimtania, "Mama Duha, waiposa hiyo nguo?" Naye akijibu, "Naiposa, na kwao bado sijakujua."

Amin hakuyafanya hayo. Miezi minne baada ya matanga alikwenda dukani kwa Ziad, aliyemuuzia Haifa shuka kwa miaka kumi na minane. Akapewa kahawa. Akaambiwa ni pamba tupu. Akazishika, akaona ni nene, akachukua jozi kumi na mbili. Siku zile kila alichokishika kilikuwa sawa na kingine.

Baada ya kufuliwa mara nne, zikaota vipele vya nyuzi, vidogo kama chembe za mtama. Ukiinua shuka juani, waona vidole vyako upande wa pili. Mgeni mmoja, Odera, mfanyabiashara aliyezoea kulala pale, alishuka asubuhi akijikuna mgongo.

"Mzee Amin, jana umenilaza kitandani au ufukweni?"

Amin akacheka kidogo, kwa adabu tu. Kisha akampigia simu Ziad.

"Ami Amin," Ziad akasema, "hiyo ni kazi ya mfuaji. Amimina jiki, ile dawa ya kutoa madoa, kama maji. Hakuna pamba ya kuhimili hayo."

Simu ilikuwa kwa sauti kubwa, na Mbodze alikuwa mlangoni na karai. Mbodze ndiye aliyekuwa akifua nguo za nyumba ile, huo ukiwa mwaka wake wa kumi na moja.

"Kama ni mimi, baba, sema," akamwambia. "Nifungashe, niende kwetu Kaloleni."

Amin alitaka kusema si wewe. Hakuwa na hakika, na uongo haukumjia. Mbodze akaenda zake uani, na siku ile hakuimba.

Jozi moja ilikuwa ingali ndani ya nailoni yake. Kesho yake Amin akaifungua, akaikata shuka vipande viwili, mkasi ukimwendea upande, maana hakuzoea. Kimoja akakitia kabatini. Akaweka kiti uani, akamwambia Mbodze, "Fua hiki mbele yangu. Sabuni ya mche na maji, basi."

"Yaani mimi nalindwa?"

"Yalindwa nguo, mwanangu."

Maji ya kwanza yakatoka meupe kama ya kuoshea mchele. Ni wanga uliopakwa dukani, na ule unene wote ulikuwa ndani yake. Kwa muda wa siku tatu Mbodze akakifua mara tano. Vipele vikatoka, bila tone la jiki. Amin akachomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti. Pamba huacha jivu laini. Huu ukajikunja, ukawa kidonge cheusi, kigumu.

"Nisamehe, Mbodze," akasema.

"Yamekwisha, baba." Lakini alisema akiwa amempa mgongo.

Mchana ule Amin akaandika kwa mkono wake:

"Kwa Bwana Ziad. Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, shuka ulizoniuzia kwa jina la pamba tupu si pamba tupu. Nakuletea vipande viwili vya shuka moja, kimoja kilichofuliwa mara tano kwa sabuni ya mche, na kimoja ambacho hakikuguswa na maji. Vishike mwenyewe. Choma uzi wake. Mfuaji wangu hana kosa, nataka ulijue hilo kwanza. Nakuomba uzichukue zako, uniletee za pamba. Na swali moja, unijibu kwa hisani yako."

Akaliandika swali, akatia sahihi.

Siku ya sita mkokoteni ukaleta jozi kumi na mbili nyingine, na karatasi: "Samahani kwa usumbufu, Ami." Amin akakata moja, Mbodze akaifua mara tano. Ilibaki nguo ile ile. Wageni wakalala vizuri, na Odera hakujikuna tena.

Ziad hukutana na Amin msikitini kila Ijumaa. Humpa mkono, humwuliza hali ya Duha, binti wa marehemu Haifa. Swali halitaji. Amin naye hakulirudia, lakini nakala ya ile barua ingali kabatini, juu ya vipande vya Haifa, na mstari wake wa mwisho wasema hivi:

"Lau angekuja Haifa mwenyewe, ungemtolea shuka hizi?"