Kitufe cha Kijivu

Barua nyingi zinazoletwa kwenye dawati letu la kompyuta hazihitaji kusomwa mara mbili. "Mtandao umekufa." "Mashine yangu inaleta nyodo, njooni." Anayejitahidi sana ataongeza neno "haraka". Mimi ndiye fundi wa dawati hilo, chumba cha chini kabisa, ubavuni mwa stoo ya karatasi, na nimezoea kuwa kama daktari ambaye wagonjwa wake wote husema "naumwa" halafu wanakata simu.

Ndiyo maana barua ya Nukta niliisoma, nikairudia, nikaisoma tena nikiwa nimesimama.

Nukta ni mama mtu mzima wa ghorofa ya tatu. Maombi ya likizo ya watumishi wote hupita mikononi mwake kwenye portal, yaani tovuti ya ofisi, ayakague, ndipo abonyeze kitufe cha Wasilisha. Jina hilo walimbandika kwa sababu fomu iliyokosa hata nukta ilirudi kwa mwenyewe, na akinung'unika alijibiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Wengi walimwogopa. Mimi nilimpenda kimoyomoyo, maana katika jengo lile ni sisi wawili tu tuliokuwa tukiudhiwa na mambo madogo.

Aliandika hivi: "Tangu portal ya likizo ibadilishwe sura, kitufe cha kijivu cha Wasilisha hakionekani kwangu, kwenye kivinjari ninachofungulia mtandao. Kwa katibu muhtasi, kivinjari hicho hicho kinakionyesha. Kwenye kompyuta yangu, kivinjari kingine kinakionyesha pia. Kwa hiyo ubaya si wa kivinjari peke yake wala wa kompyuta peke yake. Uko mahali viwili hivyo vinapokutana. Naomba msiniambie nitumie kile kingine. Kile sikiwezi."

Nilifurahi kama mtoto. Mtu ambaye hajawahi kusomea kompyuta alikuwa amebadilisha kitu kimoja kimoja na kuangalia kinachotokea, jambo ambalo hata wenzangu huliruka. Lakini mambo mawili yalinikaa rohoni. La kwanza, kivinjari kingine alikuwa nacho na kilifanya kazi, sasa hakiwezi kivipi? La pili, kitufe kile si cha kijivu. Ni cha bluu. Portal zetu hugeuza kitufe kuwa cha kijivu pale tu kinapofungwa, mtu akiwa hajajaza kitu cha lazima. Nikampigia.

"Mama, huko kwa katibu muhtasi kitufe kilikuwa cha kijivu na bado kikabonyezeka?"

"Kikabonyezeka vizuri tu. Kwani kina rangi nyingine?"

Nilimwelekeza afute kumbukumbu ya kivinjari, maana mara nyingi kivinjari huwa kimeng'ang'ania kurasa za zamani. Akafuta, akaingia upya. Kitufe hakipo.

"Basi tumia kile kingine kwa leo tu, mama."

"Fundi, barua yangu umeisoma au umeipitishia macho tu?"

Nikachukua ngazi. Njiani nilikutana na dereva wa ofisi, ambaye likizo yake ilikuwa imekwama pale pale. Akaniambia bosi wa utumishi ameshasema: foleni ya maombi isipoisha kufikia Ijumaa, kazi ya ukaguzi anapewa mtu mwingine, na Nukta atahamishiwa mapokezi. "Mwambie mama wa watu ajitahidi," alisema dereva, ingawa tulijua wote kwamba alikuwa akiililia likizo yake.

Nukta alikuwa amekaa karibu sana na kioo. Nilipoinama nyuma ya bega lake nikaona maandishi makubwa kama bango la duka. Ukurasa mzima ulibeba mistari michache tu.

"Mama, haya maandishi nani kayakuza?"

"Mimi. Siku nyingi tu. Katibu muhtasi alinionyesha, unashika kitufe hiki na alama ya kujumlisha."

Hapo mambo yakajipanga yenyewe. Kivinjari hukumbuka ukubwa uliouweka kwa kila tovuti, na hukumbuka peke yake. Kivinjari cha pili hakina habari, wala cha katibu muhtasi. Portal ya zamani ilivumilia kukuzwa. Hii mpya, ukiikuza namna ile hudhani iko kwenye simu ndogo, ikajipanga upya, na waliotengeneza walikuwa wameifungia sehemu ya chini isishuke zaidi. Kitufe kilisukumwa nje ya kioo. Nikarudisha ukubwa wa kawaida, na Wasilisha ikajitokeza chini kulia, bluu kabisa.

"Hicho hapo, mama!"

Hakufurahi. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akakunja macho.

"Nakiona kitufe," alisema polepole. "Lakini majina siyasomi."

Kumbe ndiyo maana kile kingine hakukiweza: maandishi yake yalikuwa madogo. Niliona aibu kwa shangwe yangu, nikavuta kiti.

"Ni lini ulianza kuona hivi?"

"Mama yangu alianza hivi hivi, ukungu ukungu. Hakwenda kuangaliwa, alisema ni uzee. Akaishia kushikwa mkono mpaka msalani." Alizungumza akitazama mlangoni, bosi asije akasikia. "Mimi naogopa, fundi. Nikienda nitaambiwa. Na nikiambiwa, hii kazi kwisha."

Nikarudisha yale maandishi makubwa. Nikamwonyesha kwamba kitufe kilichojificha bado kipo: ukishuka kwa kitufe cha Tab cha kibodi, hatua kwa hatua hadi ukipite kisanduku cha mwisho, unakifikia hata bila kukiona, kisha unabonyeza Ingiza. Akajaribu kwa ombi la dereva. Ujumbe wa kupokelewa ukatokea, herufi kubwa, akausoma mwenyewe kwa sauti.

"Hii ni dawa ya portal," nikamwambia. "Waliotengeneza nitawaandikia leo, kosa ni lao. Mtu ana haki ya kukuza maandishi. Lakini mama, ulipima kivinjari, ukapima kompyuta, ukaenda mpaka kwa katibu muhtasi. Kitu kimoja hukukipima."

"Usinigeuzie barua yangu."

"Imeandikwa vizuri mno kuachwa nusu."

Akanitazama kwa ukali wa kurudisha fomu. Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho na ncha ya mtandio.

Foleni iliisha kabla ya Ijumaa, na bosi akanyamaza. Ombi la mwisho kuingia lilikuwa la Nukta mwenyewe, likizo ya ugonjwa. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hata mama yake pengine angepona kwa upasuaji huo huo atakaofanyiwa yeye. Hilo la mwisho lilimliza kuliko lote. Nilimsikia kwenye simu.

Waliotengeneza portal walirekebisha sehemu ya chini wakati akiwa nyumbani. Aliporudi sikumwona, nilikuwa nimefukiwa na mashine za mapokezi. Ila kwenye dawati nilikuta barua yake, maandishi ya ukubwa wa kawaida.

"Kwa dawati la kompyuta. Portal sasa inafanya kazi katika vivinjari vyote viwili. Nimeona pia kwamba kitufe cha Wasilisha mmekipaka rangi ya bluu, nzuri sana. Naomba kufahamishwa ni lini mlikibadilisha, maana watumishi hatukutangaziwa."

Niliisoma mara tatu, maana kitufe kile kilikuwa cha bluu tangu mwanzo. Kisha nikapanda ghorofa ya tatu kumjibu kwa mdomo, na nilipofika mlangoni nikasimama kumtazama. Alikuwa anatazama dirisha, ukuta, mikono yake mwenyewe, kitu kimoja kimoja.