Viazi vya Bugeshi na Kifungu cha Tatu

“Dada, umeandika dereva akibeba mizigo ya watu anaazibiwa. Na ule mwenye kumutuma je?”

Aliyeniuliza alikuwa dereva wetu mzee. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na kampuni yetu hapa Gisenyi ilikuwa imenipa kazi ya kuandika sera ya matumizi ya magari. Katika kifungu cha tatu, cha fasili za maneno, niliandika kwamba mtumiaji wa gari, anayewajibika kwa kila kosa, ni yule anayeliendesha. Nilijivunia ufupi wake.

Kila dereva aliyepanda milima ya Bugeshi kikazi alirudi na viazi alivyoagizwa na watu wa ofisini. Mwezi wa pili wa sera, dereva wetu mzee alikamatwa na magunia matatu. Tayari alikuwa na onyo la maandishi. Adhabu ya kosa la pili ilikuwa kufukuzwa kazi.

Kamati ya nidhamu ilimuuliza viazi ni vya nani.

“Bon, ni ya watu,” alisema.

“Watu gani, mzee?”

“Mi siko mutumiaji peke yangu? Basi munihukumu mimi.”

Wajumbe wawili waliinamia karatasi zao ghafla. Hakuna aliyeuliza tena, kwa kuwa sera haikumtambua mwagizaji. Akafukuzwa kwa mujibu wa kifungu changu, na nikapongezwa kwa sera isiyo na utata.

Miaka mingi baadaye, mama aliniambia kwamba gunia la tatu lilikuwa letu: alimwagiza mzee yule bila kunijulisha.